Wakuu, mshahara naandika ule uliotoka benki tu? Msaada kabla ya Jumatatu

Karani_Mpole: Wakuu shikamooni. Tuko wafanyakazi 12, kila mmoja 1,000,000 kabla ya makato. Benki zimetoka 9,564,000, nami nikaandika hiyo kuwa gharama ya mshahara. Bosi anasema iko sawa. Ni kweli?

Babu_Leja: Si kweli. Gharama inaanza na 12,000,000. NSSF ya wafanyakazi 1,200,000 na kodi ya mshahara, PAYE, 1,236,000 umezikata kwao, kwa hiyo ni deni mpaka uzilipe. Juu yake kampuni inaongeza NSSF yake 1,200,000, tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, asilimia 3.5 ambayo ni 420,000, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, 60,000. Gharama halisi ni 13,680,000. Hiyo 4,116,000 uliyoiacha nje ndiyo deni la mwisho wa mwezi.

Mtoza_Mwenyewe: PAYE mmekosea. Milioni moja kodi yake ni 128,000 kwa kichwa.

Babu_Leja: Jedwali umelisoma vizuri, ila NSSF inatoka kwanza. Inayokatwa kodi ni 900,000: 68,000 ya ngazi za chini, na robo ya 140,000 iliyozidi 760,000. Jumla 103,000.

Mama_Wawili: Mimi nilipoacha kazi nilikuta miezi saba haipo NSSF, na kila mwezi nilikatwa! Waajiri mnatuua.

Babu_Leja: Mleta uzi, hizo pesa zimelipwa? PAYE na SDL mwisho ni tarehe 7.

Karani_Mpole: Bado kidogo.

Babu_Leja: Kidogo ndiyo miezi mingapi?

Karani_Mpole: Mitatu. Bosi alinunulia mzigo. Na hesabu nimeshazipeleka benki kuombea mkopo, madeni hayo hayamo. Lakini mkopo ukitoka tunalipa yote, hakuna atakayeumia.

Mama_Wawili: Nimeumia mimi hapa!

Kijiwe_Nongwa: Hii chai. Watu 12 wote milioni moja kamili, dereva na meneja sawa? Dogo ana mtihani wa uhasibu anatafuta majibu. Leteni vitumbua.

Karani_Mpole: Namba nimezilainisha ili ofisi isijulikane. Hati za mshahara nasaini mimi, mkuu, silali.

Babu_Leja: Chai au si chai, miezi mitatu ni 12,348,000 kabla ya adhabu na riba. Ofisa wa mkopo akiomba taarifa ya NSSF, atakuta michango imekatika wakati hati zinaonyesha makato. Andika upya: debiti gharama 4,116,000 kila mwezi, krediti kila taasisi kwenye akaunti yake. Halafu ipeleke benki iliyosahihishwa.

Karani_Mpole: Nikiipeleka, mkopo unakufa na mimi natimuliwa. Siwezi kuisahihisha mwezi ujao?

Mtoza_Mwenyewe: Nauliza tu, bonasi nayo inakatwa PAYE?

Kijiwe_Nongwa: Vitumbua vimeisha.