Uzi: Dashibodi yangu ilikuwa tupu asubuhi, niachane na Plotly?

Kijana_wa_Njoro
Wadau, salamu kutoka Nakuru. Nimeandikia ushirika mmoja wa maziwa skripti ya Python. Kila asubuhi inachukua CSV ya kilo zilizopimwa jana katika vituo 6, inachora grafu upya kwa Plotly (ukigusa nguzo inakuonyesha kilo za kituo), kisha inaandika juu ya `index.html` ya jana. Madereva wanaifungua kwa simu kabla malori hayajatoka saa moja.

Jumanne saa kumi na mbili unusu niliifungua nikakuta ukurasa mweupe pe. Nikarekebisha haraka. Sasa nimeogopa. Nihamie maktaba nyingine ya grafu? Naomba jibu kabla ya Jumatatu, nina kikao.

Fundi_Kondele
Ndugu, mimi ni wa magari hapa Kisumu. Dashibodi ikizima asubuhi peke yake, angalia kwanza waya wa ethi chini ya usukani. Probox ilinisumbua hivyo wiki nzima, kumbe ilikuwa kutu tu.

Mama_Salio
😂😂 Fundi, soma tena. Kijana, mimi huweka hesabu za chama chetu Kakamega kwa njia kama hiyo. Dawa ni bakap. Kabla ya kuandika, nakili `index.html` iwe `index.bak`. Ikiharibika unairudisha.

Kijana_wa_Njoro
Asante mama. Hiyo nimeshafanya, karibu.

Jongoo_wa_Seva
"Karibu" maana yake nini? Bandika sehemu inayoandika faili. Na kama hujagusa faili ile ya Jumanne, bandika pia `ls -l` yake.

Kijana_wa_Njoro
Niliihifadhi pembeni kwa `mv`. Ilikuwa hivi:

```
-rw-r--r-- 1 maziwa maziwa 0 Jun  9 06:00 tupu.html
```

Na skripti ya wakati huo:

```python
with open("index.html", "w") as f:
    df = pd.read_csv(URL)
    f.write(chora(df))
```

Karani alikuwa amebadilisha kichwa cha safu kutoka `kilo` kuwa `Kilo`. Logi inasema `KeyError: 'kilo'`.

Jongoo_wa_Seva
Basi Plotly haina hatia, iache ilipo. Ukifungua faili kwa `"w"`, yaliyomo yanafutwa papo hapo, kabla hujaandika hata herufi moja. Wewe umeifungua kwanza, halafu ndio unaenda kutafuta CSV na kuchora. Kosa lolote likitokea hapo katikati linakuachia faili ya baiti 0, na ndiyo hiyo sifuri unayoiona kwenye `ls`.

Bakap ya Mama Salio inasaidia kurudisha, ila mpaka mtu aamke arudishe, dereva anaangalia ukurasa mweupe. Afadhali ukurasa wa zamani usiguswe kabisa hadi mpya uwe umekamilika:

```python
df = pd.read_csv(URL)
html = chora(df)
with open("index.html.mpya", "w", encoding="utf-8") as f:
    f.write(html)
os.replace("index.html.mpya", "index.html")
```

`os.replace` inabadilisha jina kwa mkupuo mmoja. Anayefungua ukurasa anapata wa zamani mzima au mpya mzima, hakuna nusu. Faili ya muda iweke folda ileile. Ukiiweka `/tmp`, mara nyingi hiyo ni diski nyingine na utapata `Invalid cross-device link`.

Sasa tuambie ulirekebisha vipi.

Kijana_wa_Njoro
Niliweka `try`. Ikishindwa, inanakili `jana.html` juu ya `index.html`. Inafanya kazi, ukurasa haujawa mweupe tena.

Mama_Salio
Si ndiyo bakap yangu hiyo!

Jongoo_wa_Seva
Na tarehe iliyoandikwa juu ya grafu? `jana.html` ina tarehe ya jana.

Kijana_wa_Njoro
...Niliongeza mstari mmoja unaobadilisha tarehe iwe ya leo. Ili isilete maswali. Mnielewe, huu ni mkataba wa miezi 3 na nimemaliza mmoja tu. Tena kilo hazitofautiani sana siku hadi siku.

Mwalimu_Mstaafu_Webuye
Kijana, hapo umedanganya. Ukurasa mweupe humwambia dereva kuna shida. Wako unamwambia mambo ni shwari. Nilipokuwa naibu mkuu wa shule, karani wetu alikuwa anajaza rejista ya mahudhurio ya wiki nzima siku ya Jumatatu. Tuligundua siku mvulana mmoja alipolazwa hospitalini huku rejista ikisema yuko darasani.

Kijana_wa_Njoro
Mwalimu, kuna lililotokea. Alhamisi kituo kimoja kilikuwa na kilo 1,900 na ukurasa ukaonyesha 1,100. Likatumwa lori dogo. Mikebe iliyobaki ilikaa juani hadi saa saba, maziwa yakachacha. Kikao cha Jumatatu ni cha nani atalipa. Sitaki kusema ni skripti kama si lazima.

Shabiki_wa_Gor
Eti "dashibodi yangu ilikuwa tupu" kumbe kuna maziwa yamemwagwa. Wewe ulikuwa unaomba ushauri au wakili?

Nyota_ya_Bondo
Mimi hadithi hii siiamini. `ls` inasema faili iliandikwa 06:00 Jumanne. Seva yenyewe ni ya kukodi?

Kijana_wa_Njoro
Ndiyo. Nilihama kutoka laptopu yangu wiki mbili zilizopita kwa sababu ya stima kupotea. Mstari wa `cron` niliunakili vilevile, `0 6 * * *`.

Nyota_ya_Bondo
Seva nyingi za kukodi huja na saa ya UTC. Saa 06:00 huko ni saa tatu asubuhi hapa kwetu. Sasa wewe saa kumi na mbili unusu uliuona vipi ukurasa mweupe ambao ungetokea saa tatu? Hii umetunga.

Kijana_wa_Njoro
Sijatunga! Sawa, muda ndio nilipunguza. Meneja ndiye aliyenipigia, saa tatu unusu. Nilikuwa bado kitandani, nikaona aibu kuandika hivyo.

Jongoo_wa_Seva
Andika `date` kwenye seva, ulete jibu.

Kijana_wa_Njoro

```
Sat Jun 13 17:42:10 UTC 2026
```

Hapa ni saa mbili na dakika 42 usiku.

Jongoo_wa_Seva
Nyota amekosea kuhusu kutunga, lakini amepata kubwa kuliko sisi wote. Karani huweka CSV saa ngapi?

Kijana_wa_Njoro
Saa kumi na moja unusu asubuhi.

Jongoo_wa_Seva
Basi hesabu nami. Dereva anafungua ukurasa saa moja. Skripti haijaendeshwa leo, itaendeshwa saa tatu. Anachokiona kiliandikwa jana saa tatu, na ndani yake ni maziwa ya juzi. Meneja yeye huangalia saa tatu unusu, kwa hiyo kwake kila kitu ni kipya. Hata siku ambazo skripti haikushindwa, kwa wiki mbili madereva wamekuwa wakipanga malori kwa kilo za juzi.

Andika `0 3 * * *`. Kenya haibadilishi saa kwa misimu, hivyo itabaki saa kumi na mbili ya hapa mwaka mzima. Na kichwa cha ukurasa kitoe tarehe kwenye safu ya tarehe ya CSV, ile ya mwisho kabisa. Usiitoe kwenye saa ya mashine. Dereva akiona tarehe ya juzi atapiga simu.

Kijana_wa_Njoro
Basi hata Alhamisi huenda halikuwa kosa la `jana.html`?

Jongoo_wa_Seva
Logi ya Jumatano inasemaje? Ukurasa wa Alhamisi saa moja ulitoka hapo.

Kijana_wa_Njoro
Jumatano hakuna kosa. Karani alirudisha `kilo` Jumanne mchana.

Mwalimu_Mstaafu_Webuye
Ile ya tarehe bado utaisema, kijana.

Kijana_wa_Njoro
Mwalimu, nikisema zote mbili si nitafukuzwa?

Fundi_Kondele
Sasa nimeelewa ni dashibodi gani. Kilo 800 zilizobaki, bei ya lita huko Njoro ni ngapi siku hizi?