Jina tupu, nembo, au vyote pamoja: kipi kisajiliwe kwanza kabla ya kuzindua nguo?

MkasiNaUzi: Wadau, nataka kuingiza sokoni fulana na makoti mepesi kwa jina la Kengewa. Nembo ni ndege aliyekunja mabawa, na jina limeandikwa chini yake. Fedha niliyonayo inatosha ombi moja tu la alama ya biashara. Nisajili jina kwa herufi za kawaida, mchoro peke yake, au vyote viwili kama vilivyo? Lebo za shingoni sijaagiza, nasubiri majibu yenu.

BabaRangi: Weka vyote katika ombi moja, umalize kazi. Unalipia mara moja na kila kitu kinalindwa.

Pindo_la_Mashariki: Mimi nilisajili kampuni kwa jina langu na hakuna aliyenisumbua. Nenda kasajili kampuni, jina litakuwa lako.

WakalaWaAlama: Ndugu Pindo, usajili wa kampuni unakupa kampuni tu. Haumzuii mwingine kushona jina hilo kwenye nguo zake, na msajili wa kampuni kwa kawaida haangalii alama za biashara anapokubali jina.

BabaRangi yuko sahihi nusu. Ombi la pamoja linalinda jina na ndege kama picha moja. Mwakani ukibadilisha ndege au ukamwondoa, unaanza kutumia kitu ambacho hukukisajili. Nchi nyingi zinaruhusu alama ifutwe isipotumika miaka 3 au 5 mfululizo, na mpinzani wako atauliza hilo hilo: onyesha mahali ulipoitumia kama ilivyosajiliwa. Jina kwa herufi za kawaida halifungwi na mwandiko wala mchoro. Ubaya wake ni kwamba linagongana na majina mengi zaidi, kwa hiyo linahitaji uchunguzi wa kina. Umeshatafuta?

MkasiNaUzi: Nimetafuta kwenye mtandao na mitandao ya kijamii. Hakuna Kengewa ya nguo.

WakalaWaAlama: Hapo bado. Ingia kwenye rejista ya nchi utakayouza, kisha Global Brand Database ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu, ambayo kuitafutia ni bure. Chuja kwa daraja la 25, la nguo, viatu na kofia. Usiandike tahajia yako tu. Jaribu Kengeva, Kengewah, Kengea, Qengewa, kwa sababu mkaguzi huangalia sikio linasikia nini na jicho linaona nini, si herufi moja moja. Halafu pakia mchoro wako utafute kwa picha.

MkasiNaUzi: Nimerudi. Kuna KENGEVA, daraja la 25, hai, ila ni viatu. Ndege ndiyo wametapakaa, kurasa kwa kurasa. Nilitaka pia kuuza mikoba baadaye.

BabaRangi: Viatu si fulana. Songa mbele.

WakalaWaAlama: Hapo ningesimama. Viatu na nguo huuzwa duka moja, kwa mteja yule yule, na wakaguzi wengi huvihesabu kuwa bidhaa zinazokaribiana. Kengewa na Kengeva zinatofautiana kwa konsonanti moja katikati. Hata mkaguzi akikupitisha, ombi hutangazwa, na mwenye Kengeva ana muda wa kuweka pingamizi. Usidhani kuwa kuweka ndege juu kutakuokoa: mteja humwagiza muuzaji kwa jina, na huwa jina ndilo linalopewa uzito.

Mchoro peke yake nao una shida uliyoiona mwenyewe. Ndege wakijaa kwenye nguo, ulinzi wa wako unakuwa mwembamba, na mwenye ndege tofauti kidogo atapita pembeni yako. Mikoba ni daraja la 18, ada yake huhesabiwa mbali. Usiiongeze kama huna mpango nayo wa kweli.

SindanoKali: Angalia kwanza kama Kengeva amesajiliwa kwenye nchi yako. Alama hufanya kazi pale iliposajiliwa. Kama yuko nchi nyingine na hauzi kwako, nisingelitupa jina.

WakalaWaAlama: Hoja nzuri, ila akitaka kuvuka mpaka baadaye atamkuta mlangoni. Na ukishaweka ombi la kwanza, una miezi 6 ya kuomba nchi nyingine za Mkataba wa Paris wa haki za ubunifu, na ukahesabiwa kwa tarehe ile ile ya ombi la kwanza. Mimi ningemwandikia Kengeva kuomba makubaliano ya kuishi pamoja, yeye viatu, wewe nguo. Baadhi ya ofisi huyakubali, nyingine huyapima upya.

MkasiNaUzi: Yeye yumo kwenye rejista ya hapa hapa, na alama yake imehuishwa. Basi ninaandaa jina la pili, nitafute yote mawili kwa herufi za kawaida. Makoti ya majaribio naweza kuyauza huku nikisubiri?

SindanoKali: Uza bila lebo.

WakalaWaAlama: Mimi ningeweka ombi kwanza. Kuna nchi ambako anayewahi ofisini ndiye mwenye haki, hata kama wewe ulianza kuuza.

BabaRangi: Na kuna nchi ambako aliyeanza kutumia ana nguvu. Hapo mnabishana bure mpaka aseme yuko wapi.