Apu imegoma kutuma 4,500,000 na salio lipo. Nifanyeje wakuu?

Ngalawa_Sahare: Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga, nanunua mashine ya boti na mwenyewe anataka hela leo. Salio ni 9,200,000. Nikituma 4,500,000 inaandika "Umezidi kikomo cha siku". Jana nilituma 4,000,000 ikapita. Hela yangu, benki inanizuiaje?

Mtoto_wa_Ngamiani: Mtandao huo. Futa apu, pakua upya.

Mama_Zai: Asifute! Mimi nilibadili simu nikajisajili upya, siku kadhaa nikawa natuma vijisenti tu. Na ilikuwa wiki ya harusi ya mdogo wangu, mpishi ananisubiri mlangoni...

Kaunta_Mstaafu: Leo umeshatuma chochote?

Ngalawa_Sahare: Ada ya watoto asubuhi, 1,200,000.

Kaunta_Mstaafu: Hiyo hapo. Tuseme kikomo chako ni milioni 5. Kinajumlisha vyote ulivyotuma leo, salio hakiliangalii. Umebakiwa na 3,800,000. Kimewekwa ili mwizi akishika simu yako asifagie akaunti usiku mmoja. Tazama mipangilio ya apu, nyingine zinakuruhusu kupandisha mwenyewe hadi kiwango fulani. Isipokubali, kesho nenda tawini na kitambulisho cha NIDA, omba wakupandishie kwa siku moja tu. Au jaza fomu ya TISS, ya kuhamisha hela benki kwa benki, pale kaunta, kikomo cha apu hakikuhusu.

Mtoto_wa_Ngamiani: Ngoja saa sita usiku, kinaanza upya.

Kaunta_Mstaafu: Kwa benki nyingi, ndiyo. Aulize yake.

Ngalawa_Sahare: Kesho mashine itakuwa imeuzwa. Na kuna mtu wa benki anaweza kunipandishia sasa hivi.

Mama_Zai: Ulimpigia wewe?

Ngalawa_Sahare: Kanipigia yeye. Lakini kanitajia majina yangu yote matatu! Anasubiri nimsomee tarakimu sita za kwenye meseji.

Kaunta_Mstaafu: Meseji yenyewe inasemaje, neno kwa neno?

Ngalawa_Sahare: "Namba ya kusajili apu kwenye simu mpya. Usimpe mtu yeyote."

Kaunta_Mstaafu: Sasa hapo kikomo kimetajwa wapi? Ukimsomea, apu yako inafunguka kwenye simu yake. Kata, kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi yako.

Bw_Shaka: Hadithi hii. Mwezi jana si wewe uliyekuwa unauza boti humu? Leo unanunua mashine ya nini?

Ngalawa_Sahare: Boti ile ya mjomba, kaka. Nilikuwa namtangazia.

Mtoto_wa_Ngamiani: Mjomba kauza boti, mpwa ananunua mashine. Ataifunga kwenye baiskeli 😂

Mama_Zai: Acheni utani. Nani alijua umekwama kwenye kikomo?

Ngalawa_Sahare: Muuzaji tu. Nilimtumia picha ya kioo cha simu, anione sina ujanja.

Mama_Zai: Na mashine umeiona kwa macho?

Ngalawa_Sahare: Picha. Anasema iko Pangani.