Tupeane uzoefu: meseji yenye lugha mbili, unatafsiri nini na unaacha nini?

Kalamu Nyeusi: Wanaotafsiri meseji za watu, mnafanyaje sentensi ikiwa nusu Kiswahili nusu Kiingereza?

Tumbili: Tafsiri kila kitu, mteja amelipia lugha moja.

Mwanasiti: Si kila kitu, ndugu. Meseji ikisema "ukiona imeandika Pending usibonyeze Cancel", hayo majina yaache. Ukiandika "Ghairi", msomaji ataitafuta hiyo Ghairi kwenye skrini yake na hataiona. Liache jina, pembeni eleza kazi yake.

Tumbili: Hapo sawa. Mengine yote tafsiri.

Dada Mkubwa: Mmenikumbusha jambo lililoniumiza sana. Mdogo wangu alimlalamikia msimamizi wake, ushahidi ukawa meseji zake mwenyewe. Moja aliandika: "Tangu niripoti, supavaiza ananimaindi kila siku." Mtafsiri akaitoa kwa Kiingereza kwamba msimamizi anamjali kila siku! Wasikilizaji hawajui Kiswahili, wakamwuliza kama anajaliwa, analalamikia nini? Binti alikuwa anasemwa mbele ya wenzake mpaka analia chooni. Shauri likatupwa. Tulipoomba nakala ndipo tukaona sentensi ile, na meseji ya asili haikuambatanishwa popote.

Mwanasiti: Pole sana, dada.

Kijana wa Juzi: Mbona kumaindi ni kumtamani mtu? Huyo msimamizi alikuwa anamtaka.

Dada Mkubwa: Alikuwa anamchukia! Usiniharibie.

Msomi wa Usiku: Msigombane, zote mbili zinatumika, inategemea nani anaandika. Ligawe neno: a-na-ni-maindi. Mtenda, wakati na mtendwa vyote ni vya Kiswahili. Mzizi tu umeazimwa, ni "mind" ya Kiingereza. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton alieleza mwaka 1993, akitumia mazungumzo ya Kiswahili na Kiingereza, kwamba lugha moja hutoa fremu na nyingine hupachika maneno ndani yake. Mzizi ukishavaa viambishi vyetu, maana yake waulize wanaousema. Kamusi ya Kiingereza inaweza kukupoteza. Kipande kizima cha Kiingereza kikisimama peke yake, kamusi hiyo inasaidia zaidi.

Tumbili: Na kusapoti? Maana haijabadilika.

Msomi wa Usiku: Kweli, mingine haibadiliki. Ndiyo maana unasoma meseji za kabla na baada. Hapa kuna "tangu niripoti", kwa hiyo kujali hakuingii. Ningeandika "ananikasirikia", na meseji ya asili juu yake neno kwa neno.

Bibi Harusi: Mimi na mume wangu tunachanganya lugha nyumbani, mtoto hatachelewa kuongea?

Mwanasiti: Shoga, hiyo fungulia mada yake.

Kijana wa Juzi: Bado nasema muulizeni binti mwenyewe alimaanisha nini.

Dada Mkubwa: Hakuna aliyemwuliza hata mara moja.