Slaidi 32 za Maji Maji kuwa raundi za chemsha bongo: ngazi, ubao wa kuchagua au Kahoot?

Chaki_Nyeupe:
Wakuu, habari za kazi. Nina slaidi 32 za Vita vya Maji Maji: sababu, kuenea kwake, jinsi vilivyozimwa na matokeo. Nataka somo la marudio liwe shindano la timu nne, dakika 60, maswali yaanze mepesi na yazidi kuwa magumu. Kila jibu lifuatwe na maelezo mafupi, siyo "sahihi, tuendelee". Njia ninazozipima ni tatu: ngazi, yaani timu zote zinapanda pamoja kutoka raundi ya kwanza hadi ya nne, ubao wa PowerPoint wenye vigae vya 100 hadi 500 ambapo timu inachagua, au kuingiza maswali Kahoot. Ipi inabeba maelezo vizuri zaidi?

Mkwaju:
Kahoot, usijisumbue. Unajaza maswali kwenye jedwali lao la Excel, unalipakia, umemaliza. Ugumu unapatikana kwa tarehe: raundi ya kwanza uliza mwaka, ya mwisho uliza siku na mwezi. Hapo hata wanaojidai watakwama.

Bi_Kalamu:
Mkwaju, la jedwali uko sahihi, la tarehe sikubaliani nawe. "Kinjikitile alinyongwa tarehe ngapi?" Jibu ni 4 Agosti 1905. Haya, andika maelezo ya jibu hilo. Utaandika nini zaidi ya kuirudia tarehe yenyewe? Hicho ndicho kipimo changu: maelezo yakiwa ni jibu lililorudiwa, swali hilo si gumu, limefichwa tu. Aliyelijua kalijua, asiyelijua hana njia ya kulifikia hata akifikiri mpaka kesho.

Ugumu unapanda kwa kuondoa msaada na kuongeza hatua za kufikiri. Chukua habari za slaidi mbili tu: pamba ya kulazimishwa iliyoletwa na Gavana Götzen, na mwendo wa vita 1905 hadi 1907. Zinatoa ngazi nne bila kuongeza somo jipya.

Raundi 1, kutambua: "Julai 1905 wananchi wa Umatumbi waling'oa zao gani?" Chaguzi: pamba, mkonge, kahawa, karanga.

Raundi 2, kukumbuka bila chaguzi: "Kinjikitile Ngwale aligawa maji ya dawa akiwa kijiji gani?" Ngarambe.

Raundi 3, kupanga: timu inapewa kadi nne: boma la Mahenge lashambuliwa, pamba yang'olewa Umatumbi, Songea Mbano anyongwa, Kinjikitile anyongwa. Mpangilio sahihi ni pamba (Julai 1905), Kinjikitile (4 Agosti), Mahenge (30 Agosti), Songea Mbano (mwanzoni mwa 1906).

Raundi 4, kujenga hoja: "Kinjikitile alinyongwa mwanzoni kabisa. Kwa nini vita havikuzimika naye? Toa hoja mbili."

Ukiitazama raundi ya 3 utaona hakuna anayelazimika kujua tarehe hata moja. Anayeelewa kwamba vita vilienea kutoka Umatumbi kwenda bara, vikawafikia Wangoni wa Songea Mbano baadaye, anaweza kuzipanga kadi kwa akili.

Chaki_Nyeupe:
Nimekupata, dada. Na maelezo ya raundi ya 4 yataandikwaje, maana jibu si moja?

Bi_Kalamu:
Andika kwanza kinachopewa alama, kisha kosa unalolitegemea. Kwa swali lile: "Alama 25: wajumbe walioitwa hongo walikuwa wameshayapeleka maji mbali na Ngarambe. Alama 25: malalamiko ya kodi, pamba ya kulazimishwa na maonevu ya maakida yalikuwepo bila yeye. Jibu la kwamba watu hawakujua amekufa halipewi alama, kwa sababu halielezi kwa nini sehemu ambazo hazikuwahi kumwona ziliingia vitani."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Kwenye maswali ya kuchagua vilevile, kila kipotoshi kiwe kosa ambalo mwanafunzi analifanya kweli, na maelezo yaliguse. Mkonge umo kwenye raundi ya 1 kwa sababu nao ulikuwa zao la Wajerumani, ila ulilimwa kwenye mashamba ya walowezi; waliokasirika Umatumbi walikuwa wakilazimishwa kulima pamba. Kahawa inaeleweka. Karanga mimi ningeitoa, haimdanganyi mtu.

PembeYaUbao:
Mimi nina slaidi za baiolojia zenye video, faili limekuwa zito na linakwama kwenye projekta. Nikilibadilisha kuwa chemsha bongo litapungua uzito?

Fundi_Slaidi:
PembeYaUbao, hilo ni jambo jingine, mkuu. Fungua `File > Info > Compress Media`, halafu ukikwama anzisha uzi wake.

Chaki_Nyeupe, tatizo la ubao wa vigae kwa kazi yako halipo kwenye PowerPoint, lipo kwenye maelezo. Ubao unamruhusu mtu kuanzia popote. Tuseme timu A imechagua 200, "Songea Mbano alinyongwa mwaka gani?", na maelezo yakasema ni 1906, miezi kadhaa baada ya Mahenge. Timu B inachagua 400, ambayo ni zile kadi za kupanga. Umeshawapa nusu ya jibu, na timu A italalamika kwa haki. Kwenye ngazi jambo hilohilo ni faida: kila timu imesikia maelezo yale yale kabla ya kupanda, kwa hiyo maelezo ya raundi ya 2 yanakuwa daraja la kufikia raundi ya 3.

Ukiupenda ubao hata hivyo, kila safu iwe na mada yake na maelezo yasivuke mada. Kwa slaidi 32 utapata safu nne safi: sababu, viongozi, mapigano, matokeo. Kisha soma maelezo yote mfululizo ukiwa na orodha ya majibu pembeni. Jibu la kigae kingine likijitokeza ndani ya maelezo, lifute.

Upande wa ufundi, mambo matatu huharibu siku. La kwanza, kiungo kiwekwe kwenye maandishi "200", siyo kwenye kisanduku. Chagua maandishi, `Insert > Link > Place in This Document`. Maandishi yenye kiungo hubadilika rangi yakishabofywa, kisanduku hakibadiliki, na bila hiyo rangi hutajua kigae kipi kimetumika. Rangi yenyewe inapangwa kwenye `Design > Variants > Colors > Customize Colors`, mstari wa `Followed Hyperlink`. Ifananishe na rangi ya kigae, namba itapotea machoni.

La pili, ukibofya nje ya namba kwa bahati mbaya, slaidi inasonga mbele na swali la 100 linafunguka bila kuitwa. Nenda `Slide Show > Set Up Slide Show`, chagua `Browsed at a kiosk (full screen)`. Hapo viungo pekee ndivyo vinavyofanya kazi.

La tatu linatokana na hilo la pili: katika hali hiyo maelezo uliyoyapangia kutokea kwa kubofya popote hayatatokea. Kwa hiyo maelezo yawe slaidi yake. Swali lina kiungo cha jibu, jibu lina kiungo cha maelezo, maelezo yana kiungo cha kurudi ubaoni. Vigae 20 vinakuwa slaidi 60 na ubao mmoja. Kuna kazi hapo, usidanganywe.

Mkwaju:
Sawa, tarehe nimezitoa. Lakini Kahoot bado ina haraka kuliko slaidi 61!

Fundi_Slaidi:
Kwa raundi ya 1, ndiyo. Jedwali lao linakubali swali lisilozidi herufi 120 na chaguo lisilozidi 75. Safu ya maelezo haimo, utayaweka kwa mkono kama slaidi baada ya kila swali. Kabla ya kupakia, hesabu urefu kwenye Excel, tuseme swali lipo B2:

```
=LEN(B2)
```

Halafu kuna alama za kasi. Swali la alama 1000 lenye sekunde 60: aliyejibu kwa sekunde 10 anapata 917, aliyefikiri kwa sekunde 40 anapata 667, na wote wamepatia. Kwenye "zao gani" haina neno. Kwenye swali la kulinganisha sababu, unamwadhibu aliyesoma chaguzi zote hadi mwisho.

Bi_Kalamu:
Basi changanya. Raundi ya 1 Kahoot, nyingine ngazi kwa kadi na slaidi za kawaida. Alama za Kahoot usizichukue zilivyo, zitameza zile nyingine. Chukua idadi ya majibu sahihi tu. Maswali 6 ya alama 10, kisha 5 ya 20, 4 ya 30 na 2 ya 50. Jumla 380. Raundi ya mwisho ina 100, kwa hiyo aliyeachwa nyuma kwa 80 bado ana sababu ya kukaa macho, ila haifuti kazi ya raundi tatu zilizotangulia.

Ngalawa:
Kuna swali la waliokufa? Wengi huliweka raundi ya mwisho.

Bi_Kalamu:
Usiliweke kama namba. Makadirio yanatoka 75,000 hadi 300,000, kila mwanafunzi atakuja na kitabu chake na utaishia kuamua ugomvi. Uliza: "Kwa nini wengi waliokufa hawakufa vitani?" Jibu: majeshi ya Wajerumani yalichoma mazao na maghala, njaa ikafuata. Hilo linatoka moja kwa moja kwenye slaidi za matokeo.

Ngalawa:
Naafiki. Ila maelezo baada ya kila swali kwenye raundi ya 4 siyaafiki. Timu ikisikia hoja ya swali la kwanza inajua umbo la jibu unalolitaka, inaliiga kwenye la pili. Mimi ningekusanya karatasi za maswali yote mawili kwanza, ndipo nieleze.

Bi_Kalamu:
Kuiga umbo la jibu zuri ndiko kujifunza kwenyewe, au sivyo?

Ngalawa:
Kwenye somo, ndiyo. Hapa kuna mshindi.

Chaki_Nyeupe:
Nachukua mchanganyiko. Kwa muda nimepiga hivi: raundi ya 1 dakika 9, ya 2 dakika 12, ya 3 dakika 16, ya 4 dakika 14. Zinabaki 9 za kupanga timu na kujumlisha. Kwa raundi ya 4 nitakusanya karatasi kwanza kama alivyosema Ngalawa. Kadi za raundi ya 3, timu zote nne zinapanga kwa wakati mmoja au kwa zamu?

Fundi_Slaidi:
Kwa wakati mmoja, seti nne za kadi. Nyuma ya kila kadi andika herufi, na usizipe mfululizo wa A, B, C, D kulingana na jibu. Timu ikimaliza inaandika herufi zake nne kwenye karatasi na kukuletea, la sivyo meza ya jirani itachungulia kadi zilizolala wazi.