Mrejesho: kitasa cha mlango wa mkongo, Lindi

Niliuliza: "Natobolea kitasa cha kuzama kwenye mlango wa mkongo, drili inahamia upande mmoja na kitasa hakiingii. Nifanyeje?"

Wakuu, asanteni sana. Mlango sasa unafungwa.

Nilifuata ushauri wa fundi wa Masasi. Nilichora mstari katikati ya unene wa mlango, nikatoboa kwanza kwa biti ya mm 6, kisha ya mm 16, maana kitasa kina unene wa mm 14. Matundu yaligusana kidogo tu. Yakiingiliana sana, biti inakimbilia tundu la jirani, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Kuta nikazinyoosha kwa patasi iliyonolewa vizuri, nikichukua kidogo kidogo, kwani mkongo ni mgumu na ukilazimisha unapasuka. Kitasa kilipoingia ndipo nikachora bamba lake na kulizamisha mm 3.

Upande wa fremu sikufaulu moja kwa moja. Ulimi uligonga chini ya tundu. Nikaupaka chaki, nikafunga mlango, alama ikaonyesha mm 2. Nikapiga tupa bamba la fremu. Ufa mdogo karibu na tundu la ufunguo umebaki, nimeujaza gundi na unga wa mbao.