Nimetoa tusi mbele ya mama mkwe baada ya kujigonga nyundo, naombeni ushauri

FundiVitanda: Wakuu habari za jioni. Mimi fundi seremala, karakana iko hapahapa nyumbani. Juzi napigilia chaga za kitanda nyundo ikateleza ikatua kwenye kidole gumba, kucha ikawa nyeusi palepale, na kabla sijajua limeshanitoka lile tusi la kumtaja mama wa mtu, kwa sauti, na mama mkwe kakaa barazani anachambua mchele. Akanyanyuka na ungo wake akaingia ndani, mpaka leo salamu ni za mkato. Sasa kinachonisumbua, kuna siku niliwahi kujigonga nikatoa tusi la Kizungu, lile la F, mama huyuhuyu akaniuliza tu "umeumia baba?" Na ukweli lile la Kiswahili lilinipunguzia maumivu, la Kizungu wala. Je kuna neno naweza kulitumia likanisaidia bila kumvunjia heshima?

Kijiti: Pole mkuu. Hiyo ni hasira inakuwa imejaa ndani, ukitukana inatoka kama mvuke wa presha kuka. Usijibane, utapata presha bure.

BiMwanaisha: Mwanangu nenda kamwombe radhi, ukimwachia mkeo peke yake itakuwa ndefu.

Mzizi_wa_Neno: Kijiti hapo kwenye kutoa uko karibu ila siyo hasira, jamaa alikuwa na maumivu. Mwaka 2009 Richard Stephens na wenzake chuo cha Keele, Uingereza, walichukua wanafunzi 67 wakawaambia watumbukize mkono kwenye maji ya barafu wavumilie mpaka washindwe. Mara moja wanarudia tusi wanalolichagua wenyewe, mara nyingine wanarudia neno la kuelezea meza. Wakitukana walikaa muda mrefu zaidi, kwa wastani kama sekunde 40 hivi za ziada, na mapigo ya moyo yakapanda. Wao walidhani mwili unashtuka kama umekabwa, na ukishtuka hivyo maumivu yanapungua makali. Haimaanishi ukimtukana aliyekuudhi hasira itaisha, hilo hawakulipima.

Kuhusu neno mbadala, 2020 walirudia kwa matusi ya kubuni kabisa, watu wakayaona yanachekesha lakini kwenye maji ya barafu hayakusaidia kitu. Nguvu haitoki kwenye mlio, inaelekea inatoka kwenye kukatazwa. Ulichapwa ukiwa mdogo kwa lile la Kiswahili, la Kizungu umelikuta kwenye muvi. Kuna watafiti waliwafunga Waturuki wanaojua Kiingereza vipimo vya jasho vidoleni, wakisikia makaripio ya utotoni kwa Kituruki ngozi inashtuka kuliko kwa Kiingereza. Mama mkwe wako ni hivyohivyo, lile la F kwake ni kelele tu.

Shoga_wa_Tanga: Hilo la mwisho nalijua vizuri, mimi nimekulia Tanga, rafiki yangu wa kike namwita "shoga" tangu utoto. Nikahamia bara nikamwita dada mmoja wa kazini "shoga yangu njoo tule", kaka aliyekuwa pembeni akakunja uso akidhani namtukana yeye, maana kwao hilo ni tusi zito la mwanaume. Neno lilelile.

Kijiti: Kwa hiyo maana ya neno haihusiki?

Mzizi_wa_Neno: Inahusika lakini siyo peke yake. Angalia "nyoko", asili yake ni "mama yako" tu, hakuna kiungo cha mwili pale, lakini mwambie mtu stendi uone. Halafu Kibaki akiwa rais alikuwa anasema "mavi ya kuku" jukwaani, Wakenya wakacheka wakaizoea. Msikilizaji anapima nani kasema, kamwambia nani, na nani mwingine yupo hapo.

Msafiri88: Mi nina swali, mimi natukana kutwa nzima kwenye bodaboda, mbona nikianguka hainisaidii?

Mzizi_wa_Neno: Umejijibu. Timu hiyohiyo ya Keele 2011 walikuta wanaotukana sana kila siku wanapata nafuu ndogo kuliko wasiotukana sana. Sijui kama ukiacha miezi kadhaa nguvu inarudi.

FundiVitanda: Nashukuru sana. BiMwanaisha, nimeenda jana na kilo mbili za sukari nikapiga goti. Mama kanambia neno analijua na marehemu mumewe alikuwa analitoa shambani, kilichomuuma ni kwamba mwanangu wa miaka minne alikuwa amekaa mapajani kwake, na kesho yake mtoto kalitamka vilevile alipodondosha kikombe. Sasa huyu mtoto nimfanyeje, nikimkemea si ndo nalipa neno nguvu?

BiMwanaisha: Hapo sasa baba hata mimi nafikiria.